Hongo, Nyumba na Mita: Kujibu Wahakiki wa Makala ya Kodi Kutoka Ipuli

Maoni yanayomtoa jasho mwandishi wa makala ya kodi mara nyingi ndiyo mafupi kuliko yote: "Mapato si uwezo." Mhakiki anaandika maneno hayo matatu, anaweka nukta, kisha anahamia kwenye tahajia na mpangilio wa majedwali. Mwandishi anayejibu kwa haraka hushughulikia tahajia kwanza, kwa kuwa inashughulikika, na maneno matatu anayajibu kwa kuongeza sentensi moja ya kukiri kwamba suala hili lina utata. Makala inarudishwa tena.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa kubuni, mwaka wa tatu wa historia, amekulia kata ya Ipuli katika Manispaa ya Tabora. Ameandika makala kwa jarida la wanafunzi akidai kwamba uwezo wa dola katika eneo la Unyanyembe umekua kadiri makusanyo ya kodi yalivyokua: hongo ya njia ya misafara katika karne ya 19, kodi ya nyumba ya Wajerumani, ya Waingereza, hadi kodi ya majengo inayokatwa leo kwenye umeme wa LUKU. Mhariri amempa uamuzi wa "masahihisho makubwa" pamoja na maoni ya wahakiki wawili ambao majina yao hayajui. Mwandishi ni wa mfano, na wahakiki pia, lakini historia anayoiandika ni ya kweli, na maoni anayopewa ni ya aina inayoikuta karibu kila makala inayofunga kodi na dola katika kamba moja.

Kabla ya kujibu lolote anapaswa kuyapasua maoni. Wahakiki hawaandiki hoja moja kwa aya moja. Aya ya tatu ya Mhakiki wa Kwanza inaanza kwa kusifu matumizi ya vyanzo vya karne ya 19, inahoji kama hongo ni kodi, kisha inamalizia kwa kuuliza Burton na Speke walikuwa wageni wa nani. Hizo ni hoja mbili zinazohitaji majibu mawili, kwa hiyo anazipa namba 1.3a na 1.3b na kuyanakili maneno ya mhakiki kama yalivyo juu ya kila jibu. Kunakili kuna faida kubwa: mwandishi akianza kufupisha maoni kwa maneno yake, huwa anayalainisha bila kujua, halafu anajibu yale aliyoyalainisha.

Kuna tabia ya darasani ambayo wanafunzi wetu wengi huingia nayo katika kazi hii. Mwalimu akiandika pembeni "rekebisha," unarekebisha. Mhakiki hatoi maksi, wala maoni yake si amri. Ni msomaji wa kwanza asiye na sababu ya kukuonea huruma, na anaweza kuwa amekosea. Barua ya majibu iliyojaa "ahsante sana kwa maoni haya muhimu" kila baada ya mistari mitatu haimsaidii mhariri kujua kilichobadilika. Shukrani moja mwanzoni inatosha, kisha kila hoja iwe na mambo mawili: unachokubali au kukataa na sababu yake, na mahali pa mabadiliko kwa ukurasa na mstari.

Sasa hoja ya hongo. Mhakiki anasema: "Mwandishi anaihesabu hongo kama kodi bila kuonyesha kwamba ilikuwa na sifa za kodi." Mwandishi angeweza kujitetea kwa nadharia, na pengine angeshinda. Kilicho bora zaidi ni kurudi kwenye tukio ambalo Unyanyembe inalo na ambalo limo ndani ya makala yake mwenyewe, ila amelipitia kwa sentensi moja.

Mtemi Fundikira alifariki mwishoni mwa miaka ya 1850, na Mnywa Sere akarithi utemi. Wafanyabiashara Waarabu wa pwani walikuwa wamejenga Kazeh, ambayo leo ni Tabora, na bidhaa zao zilipita kuelekea Ujiji, Karagwe na Buganda. Mnywa Sere akaamua kutoza bidhaa zinazoingia nchini mwake. Haikuwa zawadi ya mgeni kwa mtemi ambayo ukubwa wake unategemea maongezi ya siku ile. Yalikuwa madai ya mtawala juu ya biashara yote. Wafanyabiashara walikataa, wakamuunga mkono mpinzani wake, Mkasiwa, na Mnywa Sere akang'olewa. Alipigana porini kwa miaka kadhaa, akiivuruga njia ya misafara, mpaka alipouawa mwaka 1865.

Tukio hilo linajibu swali la mhakiki na wakati huohuo linaitikisa makala. Linaonyesha kwamba watu wa wakati ule wenyewe walizitofautisha zawadi za njiani na tozo ya kudumu, kwani wafanyabiashara walizizoea za kwanza na wakaipiga vita ile ya pili. Kwa hiyo mwandishi hawezi kuziweka hongo ya Ugogo, zawadi za Unyanyembe na tozo ya Mnywa Sere kwenye safu moja ya jedwali. Pia linaonyesha kwamba mtawala aliyedai kodi iliyo karibu zaidi na maana ya kisasa ndiye aliyepoteza kiti. Walipakodi walikuwa na bunduki, mikopo ya pwani na mrithi mbadala wa kumweka. Kodi ilishindwa kwa sababu ya nani alikuwa na nguvu kuliko nani, na hilo halionekani kwenye safu ya makusanyo, ambako Mnywa Sere angeandikiwa sifuri kama mtemi ambaye hakuwahi kujaribu.

Jibu la 1.3a, basi, linaweza kusomeka hivi: "Tunakubali. Katika rasimu ya kwanza tuliziunganisha aina tatu za malipo. Sasa tunatenganisha malipo ya njiani yaliyoafikiwa kila mara, zawadi kwa mtemi, na tozo ya bidhaa aliyojaribu kuiweka Mnywa Sere. Tumeondoa hongo kwenye Jedwali la 1 na kuhamishia mgogoro wa Mnywa Sere kwenye sehemu ya pili, ambako sasa una aya tatu." Angalia kwamba jibu halisemi "tumefafanua." Neno hilo ni kichaka cha kujificha, na wahariri wanakijua.

Hoja ya 1.3b, ya wenyeji wa wasafiri, ni ya haki kabisa. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857 walipokelewa na Snay bin Amir, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa mji huo. Tunachokijua kuhusu ushuru wa watemi katika miaka ile kimepita kwa kiasi kikubwa katika vibaraza vya watu waliotozwa. Speke aliporudi mwaka 1861 alikuta vita, akaonana na Mnywa Sere, akasikia upande wake na hata akajaribu kuwapatanisha. Snay mwenyewe alikuja kuuawa katika vita hivyo. Mwandishi hahitaji kuvitupa vyanzo hivi. Anahitaji kusema ni madai gani yanatoka kwa mlipaji, yapi kwa mtozaji, na yapi msafiri aliyaona kwa macho. Kazi hiyo ni ya saa chache na inampa sehemu ya vyanzo ambayo hakuwa nayo.

Tumefika kwenye maneno matatu. Mwandishi alikuwa ameandika kwamba kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898, miaka mitano baada ya ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe kuanguka, ni ushahidi kwamba dola yenye uwezo imefika. Kodi ilikuwa rupia 3 kwa nyumba ya kawaida. Makusanyo yaliongezeka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo, anasema, uwezo ulikua.

Hapa kuna mianya kadhaa, na mhakiki hakumtajia hata mmoja. Wa kwanza ni kitu kinachohesabiwa. Kodi hii ilihesabu nyumba. Chukua mume mwenye wake wawili, kila mmoja na nyumba yake: anadaiwa rupia 6. Akiwaweka wote chini ya paa moja anadaiwa 3. Kwenye daftari la boma mapato yameshuka nusu, ilhali watu hawajapungua na askari hawajapungua. Mbinu hiyo ya kubanana ilitumiwa sehemu nyingi za Afrika zilizotozwa kodi ya nyumba, na ni mojawapo ya sababu za tawala za kikoloni kugeukia kichwa cha mtu. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1922 katika Tanganyika iliziweka pamoja kodi ya nyumba na kodi ya kichwa, ili mwanamume asiye na nyumba naye aguswe. Mapato yakipanda baada ya hapo, sehemu ya ongezeko imetoka kwa watu ambao jana hawakuhesabiwa.

Mwanya wa pili ni fedha yenyewe. Jedwali la mwandishi linatoka rupia hadi shilingi bila maelezo. Tangu 1904 rupia 15 za Wajerumani zililingana na mark 20, kwa hiyo rupia 3 zilikuwa mark 4. Baada ya vita, rupia katika Afrika Mashariki ya Waingereza iliwekwa sawa na shilingi 2. Mtu akiziweka rupia 3 na shilingi 6 kwenye grafu moja, mstari unapanda mara mbili na hakuna kilichotokea isipokuwa kubadilika kwa jina la sarafu. Katikati hapo kuna pengo: Wabelgiji waliiteka Tabora Septemba 1916, na mfululizo wa hesabu ukakatika. Mipaka nayo ilihama, kwani wilaya ya Tabora ya Wajerumani ilikuwa kubwa sana, ikijumuisha maeneo kama Nzega na Kahama yaliyokuja kusimama yenyewe.

Mwanya wa tatu ndio ninaouona mtamu zaidi, na ndio mhakiki mzuri angeulizia. Chini ya Gavana Donald Cameron, na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, malipo ambayo watu waliwapa watemi kwa nafaka, pembe na siku za kazi shambani yaligeuzwa kuwa fedha na kuingizwa katika kodi. Sehemu ya kodi ilirudi kwenye hazina za wenyeji, na watemi wakawa wanalipwa mishahara kutoka humo. Fikiria maana yake kwa jedwali. Kabla ya mabadiliko, mkulima wa Unyanyembe alilipa pande mbili, na upande mmoja haukuandikwa popote. Baada yake, yote mawili yamo kwenye kitabu kimoja. Namba imekua kwa sababu kilichokuwa ghalani kwa mtemi kimehamia kwenye karatasi. Mzigo wa mkulima huenda haukubadilika hata kidogo.

Je, hilo si ukuaji wa uwezo? Hapa ndipo jibu la mwandishi linapoweza kuwa na akili kuliko maoni. Ndiyo, ni uwezo, lakini wa namna fulani. Mwanasosholojia Michael Mann, katika makala yake ya mwaka 1984, alitenganisha nguvu ya mtawala kuamuru bila kushauriana na watu, na nguvu ya dola kupenya katika jamii na kufanikisha maamuzi yake kupitia miundo ya kudumu. Mwaka 1898 boma la Tabora lilikuwa na nguvu nyingi ya aina ya kwanza na kidogo ya aina ya pili. Mkusanyaji alikuwa mtemi au jumbe, naye ndiye aliyejua nyumba za watu wake. Mwaka 1926 hazina ya mwenyeji, stakabadhi na mshahara vilikuwa vipande vya ile ya pili, ingawa bado viliazima macho ya mtemi. Makusanyo peke yake hayatofautishi hali hizo mbili. Kinachozitofautisha ni nani alishika daftari, malipo yalikuwa ya kitu gani, na ilichukua watu wangapi wenye silaha kuyapata.

Kwa hiyo jibu la "Mapato si uwezo" lisiwe sentensi ya kukiri utata. Liwe hivi: "Tunakubali, na hoja hii imebadilisha dai kuu la makala. Hatutumii tena jumla ya makusanyo kama kipimo. Tunalinganisha vipindi kwa mambo matatu: kitu kilichohesabiwa, mtu aliyeshika daftari, na namna ya kulazimisha malipo. Jedwali la 2 la zamani limeondolewa kwa sababu lilichanganya sarafu, mipaka na sheria tofauti. Sababu hizo zimeelezwa katika ukurasa wa 7." Kuondoa jedwali ambalo mtu amelihangaikia kwa wiki nyingi kunauma. Jedwali lenye mwinuko wa uongo linauma zaidi likishachapishwa.

Mhakiki wa Pili yeye anaanzia mwisho. Anauliza juu ya sehemu ya sasa: makusanyo ya kodi ya majengo yalipanda baada ya 2021, na mwandishi anasema hii inaonyesha kuimarika kwa dola mijini. Mhakiki anaandika: "Dola ipi? Na imeimarika kwa kiasi gani?" Ni maswali mawili, kwa hiyo 2.4a na 2.4b.

Tuanze na kiasi, kwa kuwa ni hesabu. Kabla ya mabadiliko ya 2021, nyumba ya kawaida mjini ilitozwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Utaratibu wa LUKU ulipoanza, ikawa shilingi 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka. Kiwango pekee kimepanda kwa asilimia 20. Tuseme, kwa mfano wa kukokotoa tu, mtaa ulikuwa na nyumba 100 zilizolipa, ukaingiza shilingi 1,000,000, kisha mwaka uliofuata ukaingiza 1,500,000. Mwandishi ataandika ongezeko la asilimia 50. Gawanya kwa 12,000 upate nyumba 125. Nyumba zilizofikiwa zimeongezeka kwa asilimia 25, na nusu nyingine ya ongezeko imeletwa na kiwango. Mwandishi yeyote wa kodi anapaswa kutenga kiwango na idadi ya walipaji kabla ya kutamka neno uwezo, na mhakiki anayeona ongezeko bila mgawanyo huo ana haki ya kushuku.

Swali la "dola ipi" ni gumu zaidi. Kodi ya majengo imehamahama: iliwahi kuwa ya halmashauri, mwaka 2016 ukusanyaji ukapelekwa Mamlaka ya Mapato, na mwaka 2021 ukapandishwa juu ya mita za TANESCO. Mita inajua namba yake na umeme ulionunuliwa. Haimjui mwenye nyumba. Haijui kama nyumba ina vyumba vitatu au kumi. Nyumba isiyo na umeme haionekani kwake kabisa, ilhali ilionekana kwa mtendaji aliyepita kwa miguu na daftari. Uwezo uliokua hapa ni wa kutumia mtandao wa shirika la umeme uliokwisha jengwa kwa kazi nyingine. Uwezo wa manispaa kujua majengo yake, kuyathamini na kumfuata mmiliki huenda umebaki palepale, au umedhoofika kwa kukosa mazoezi. Ukipima kwa makusanyo utauona uwezo wa kwanza tu.

Mwandishi akilikubali hili, makala yake inapata uti wa mgongo ambao rasimu ya kwanza haikuwa nao. Boma lilihesabu mapaa, sheria ya 1922 ikaongeza vichwa, leo zinahesabiwa mita. Kila mara dola imetoza kile ilichoweza kukiona kwa gharama ndogo, na kila mara imemwachia mtu wa kati kazi ya kujua mengine: mtemi jana, mwenye nyumba na mpangaji leo, ambao wanamalizana wenyewe nani alipe makato ya kila mwezi.

Na mpangaji huyo ndiye anayeifichua kasoro katika mahojiano. Mwandishi alihoji watu wa Ipuli na kuwauliza, "Je, unalipa kodi ya majengo?" Wengi wakajibu hapana. Mhakiki wa Pili amegundua kwamba katika jedwali lilelile watu haohao wamesema wananunua umeme wa LUKU. Kisheria kodi ni ya mmiliki, na mpangaji aliyekatwa anapaswa kufidiwa kwenye pango, lakini anayeweka umeme ndiye anayekatwa. Mpangaji aliyejibu hapana hakudanganya. Kwake kodi ya majengo ni jambo la mwenye nyumba, na makato ya umeme ni makato ya umeme. Swali ndilo lililokuwa bovu. Kasoro hii inatambulika kwa njia rahisi: omba kuona ujumbe wa simu wa ununuzi wa umeme, ambao una mchanganuo wa makato, na ulinganishe na jibu la mdomo. Kama mwandishi hawezi kurudi uwanjani kabla ya tarehe aliyopewa na mhariri, asijaribu kuliokoa swali kwa maelezo. Aandike kwamba jibu la swali hilo halitumiki tena kama kipimo cha ulipaji, na kwamba linabaki kama ushahidi wa jinsi watu wanavyoyaelewa makato. Kwa hali ilivyo, huo ni ushahidi wenye thamani zaidi.

Kuna jambo lingine kuhusu mahojiano ambalo mhakiki hakuliona, na mwandishi mwaminifu atalitaja mwenyewe. Mwanafunzi akienda kukusanya data huondoka chuoni na barua ya utambulisho, anapita ofisi za mkoa na manispaa, anafika kwa mtendaji wa kata, kisha anatambulishwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Ni utaratibu mzuri na unamlinda. Lakini anapoingia uani kwa mtu kuuliza habari za kodi akiwa amefuatana na mtu wa serikali ya mtaa, anayeulizwa anamwona mtoza ushuru mwenye shahada. Odd-Helge Fjeldstad na Joseph Semboja, katika utafiti wao wa kodi ya maendeleo uliochapishwa mwaka 2001, walionyesha kwamba ukandamizaji katika ukusanyaji na kutoridhika na huduma vilichochea ukwepaji. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003, lakini wazee waliokimbia misako yake bado wapo, na kumbukumbu hiyo inakaa kwenye kiti pamoja na mhojiwa. Kama baadhi ya mahojiano yalifanyika bila mtendaji, mwandishi ayatenge na kuyalinganisha. Kama hakuna, aseme hivyo katika sehemu ya mbinu.

Sasa wahakiki wanagongana. Wa Kwanza anataka historia zaidi, hasa Mirambo na kufungwa kwa njia ya Ujiji mwaka 1871. Wa Pili anataka sehemu ya karne ya 19 ipunguzwe nusu na iwekwe regresheni ya makusanyo dhidi ya huduma za jamii. Jarida lina kikomo cha maneno. Kosa la kawaida ni kumpa kila mmoja robo ya alichoomba, makala ikawa na aya moja ya Mirambo isiyo na kazi na regresheni ya pointi kumi na mbili.

Uamuzi utoke kwenye swali la makala, na aelezwe mhariri moja kwa moja, juu kabisa ya barua, kwamba hoja 1.5 na 2.2 zinapingana, kwamba mwandishi amefuata upande gani, na kwa nini. Mirambo anastahili nafasi kwa sababu alikuwa na kitu ambacho Mnywa Sere alikikosa: jeshi lililoweza kuifunga njia na kuwalazimisha wafanyabiashara wajadiliane. Hiyo ni aya mbili, na inakamilisha hoja ya nani ana nguvu kuliko nani. Regresheni, kwa upande wake, inakataliwa, na kukataa kuna adabu yake: "Tumefikiria pendekezo hili kwa makini. Tuna makusanyo ya miaka kumi na miwili, na ndani yake mkusanyaji amebadilika mara mbili na kiwango zaidi ya mara moja. Mabadiliko hayo hayawezi kutenganishwa na athari tunayotafuta, na miaka iliyobaki katika kila kipindi ni michache mno. Badala yake tumeongeza Jedwali la 3, linaloonyesha kiwango, mkusanyaji na kitu kinachohesabiwa kwa kila kipindi." Jibu kama hilo halimfanyi mhakiki mjinga. Linamwambia kwamba data haiwezi kubeba alichokiomba, na linampa kinachobebeka.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kisa kinachofaa kukumbukwa hapa. Mwaka 1970 jarida la wanafunzi la Cheche lilichapisha insha ndefu ya Issa Shivji, wakati huo kijana wa sheria, juu ya mapambano ya kitabaka yaliyofichika katika uchumi wa Tanzania. Haikuwa insha ya kodi, lakini ilikuwa ya dola na ya nani anafaidi. Cheche lilipigwa marufuku mwishoni mwa mwaka huohuo. Insha ilitoka tena kama kitabu mwaka 1973 ikiwa na maoni ya wasomi kama Walter Rodney, John Saul na Tamás Szentes, na Shivji akaendeleza hoja zake katika kitabu kikubwa zaidi mwaka 1976. Msomaji anayevifuata vitabu hivyo viwili anaweza kuona ni wapi mwandishi alisogea na wapi alisimama. Wahakiki wa leo hawajulikani majina, na majibu hayachapishwi, jambo ambalo binafsi naliona hasara.

Dai la mwandishi wetu nalo limesogea. Ikisiri ya kwanza ilisema kwamba kukua kwa makusanyo ya kodi kutoka karne ya 19 hadi leo kunaonyesha kukua kwa uwezo wa dola mkoani Tabora. Ikisiri mpya inasema kwamba katika Unyanyembe na katika kata moja ya mji wa leo, vipindi vya kodi vinatofautiana zaidi kwa kitu ambacho dola iliweza kukihesabu na mtu iliyemtegemea kuliko kwa kiasi ilichokusanya. Ni dai dogo kieneo, na Ipuli imetajwa kwenye kichwa cha makala badala ya mkoa mzima, lakini kila sehemu yake ina ukurasa unaoishikilia.

Imebaki kazi ya mikono. Ikisiri ikibadilika, mistari yote ya ukurasa wa kwanza inashuka, na aya za Mirambo zinasukuma zilizobaki. Kwa hiyo namba za kurasa na mistari katika barua ya majibu zijazwe mwisho kabisa, kutoka kwenye nakala safi itakayotumwa, si kutoka kwenye nakala yenye alama za mabadiliko, kwa sababu maneno yaliyofutwa humo bado yanachukua nafasi. Mhariri akifungua ukurasa wa 7 kutafuta maelezo ya jedwali lililoondolewa na akakuta orodha ya wahojiwa, atarudi kuzisoma ahadi nyingine zote za barua hiyo kwa jicho jingine.